Kwa nini moto inaonekana ndogo katika kioo cha kamyo: fizikia ya vioo vilivyopinda kwenye barabara ya Kolwezi

Simama kando ya Barabara ya Taifa namba 39, ile inayotoka Kolwezi kupita Fungurume na kuelekea Likasi, uangalie kamyo zikipita na katodi za shaba ama mifuko ya hidroksidi ya kobalti. Kila kichwa cha kamyo kina mikono ya chuma pande zote mbili, na juu ya kila mkono kuna retroviza zaidi ya moja. Kuna kioo kirefu, kikubwa, halafu chini yake ama juu yake kuna kingine kifupi, kimevimba sawa na tumbo la sufuria. Ukipata ruhusa ya kupanda na kukaa kwenye kiti cha shofere, utaona jambo moja: katika kile kioo kilichovimba barabara yote iko ndani, na mfereji wa kando, na watu wanaotembea, na gurudumu la nyuma. Lakini moto iliyo nyuma yako imekuwa kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba.

Watu wa moto wanajua hatari ya kuwa nyuma ama kando ya kamyo. Wengi husema: «Shofere alikuwa na vioo vine, juu ya nini hakuniona?» Mara nyingine hakutazama. Lakini mara nyingine alitazama, moto ilikuwa ndani ya kioo, na macho yake yalimwambia kwamba iko mbali. Kwa nini macho yanadanganywa hivyo? Jibu lake linahesabika, kwa hesabu ya sehemu tu, ile ya shule ya sekondari.

Tuanze jikoni, na kijiko kikubwa cha chuma kinachong'aa. Geuza mgongo wake, ujitazame. Uso wako uko wima, kichwa juu na kidevu chini, lakini umekuwa mdogo, na nyuma yako unaona chumba karibu chote. Sogeza kijiko karibu, kisogeze mbali: uso unakua kidogo ama unapungua, lakini hauanguki kamwe. Sasa geuza upande wa ndani, ule wa kuchotea. Kichwa chako kiko chini! Hapo ndipo utakapoona kwamba vioo vilivyopinda viko vya aina mbili, na kila moja ina tabia yake.

Upande wa kuchotea ni kioo kilichobonyea. Mgongo wa kijiko ni kioo kilichovimba, ambacho vitabu vinakiita kioo mbinuko. Retroviza ile fupi ya kamyo ni kioo mbinuko. Fikiria mpira mkubwa wa kioo, ukakata kipande cha gamba lake: ukipaka rangi ya fedha ili upande wa nje ung'ae, umepata kioo kilichovimba, ukiung'arisha upande wa ndani, umepata kilichobonyea. Umbali kutoka katikati ya mpira hadi kwenye gamba tuuite R. Kioo chenye R ndogo kimepinda sana, sawa na gamba la chungwa. Kioo chenye R kubwa kimepinda kidogo, na kioo bapa cha nyumbani ni kama kimekatwa kwenye mpira usio na mwisho.

Miale ya jua inatoka mbali sana, kwa hiyo inafika ikiwa sambamba. Ikipiga kioo kilichobonyea, inarudi na kukutana mbele ya kioo, kwenye nukta iliyo nusu ya R. Nukta hiyo ni fokasi. Walimu wetu wanaosomesha kwa Kifaransa wanaiita fuaye. Ndiyo sababu taa za zamani za motokari zilikuwa na bakuli la kung'aa nyuma na balbu ikiwekwa pale kwenye fokasi: safari inageuzwa, mwanga unatoka kwenye nukta moja na kwenda mbele ukiwa sambamba. Ikipiga kioo kilichovimba, miale haikutani kamwe. Inatawanyika. Lakini ukiifuata kwa mawazo kurudi nyuma ya kioo, utaona kama vile yote imetoka kwenye nukta moja iliyo nyuma ya kioo, kwa umbali wa nusu ya R. Hiyo pia tunaiita fokasi, ila haiko ya kweli: ukichungulia nyuma ya retroviza hutakuta mwanga, utakuta plastiki.

Sasa fomula. Iko moja tu, na inatumika kwa vioo vyote viwili:

```
1/p + 1/q = 1/f
```

Herufi p ni umbali kutoka kwenye kioo hadi kwenye kitu chenyewe, tuseme moto. Herufi q ni umbali kutoka kwenye kioo hadi mahali ambapo sura ya kitu inatokea. Herufi f ni umbali wa fokasi, yaani nusu ya R. Kazi ngumu iko katika alama za kujumlisha na kutoa, na hapo wanafunzi wengi wanapotea. Kanuni ni hii: kilicho mbele ya kioo, upande wa mwanga na macho, kinahesabiwa chanya, kilicho nyuma ya kioo kinahesabiwa hasi. Fokasi ya kioo kilichobonyea iko mbele, basi f ni chanya. Fokasi ya kioo kilichovimba iko nyuma, basi f ni hasi. Ukisahau ile alama ya kutoa, jibu litakuwa la kioo kingine kabisa.

Kujua sura ni kubwa ama ndogo, unatumia hii ya pili:

```
ukubwa wa sura / ukubwa wa kitu = -q/p
```

Jibu likiwa chanya, sura imesimama wima. Likiwa hasi, imepinduka.

Tujaribu kwanza kioo kilichobonyea, kile cha kunyolea ndevu, chenye f ya sentimeta 50. Uso wako uko sentimeta 25 mbele yake. 1/q ni 1/50 kutoa 1/25, yaani -1/50. Basi q ni -50: sura iko nyuma ya kioo, na ukubwa wake ni 50 gawanya kwa 25, mara mbili ya uso wako, tena wima. Kila ndevu inaonekana. Lakini funga kioo hichohicho kwenye kamyo, na moto iwe mita 15 nyuma. Sasa q inakuwa chanya, karibu sentimeta 52, na alama ya ukubwa inakuwa hasi. Sura ya moto inaning'inia hewani mbele ya kioo, magurudumu juu, kichwa cha dereva chini. Hakuna shofere anayeweza kuendesha hivyo, na ndiyo maana kioo kilichobonyea hakifungwi kamwe kama retroviza.

Kioo kilichovimba hakina vituko hivyo. Angalia fomula: f ni hasi siku zote, na p ni chanya siku zote, kwa sababu moto iko mbele ya kioo. Kwa hiyo 1/q ni kitu hasi ukitoa tena kitu chanya. Haiwezi kuwa chanya, hata uweke moto wapi. Maana yake sura iko nyuma ya kioo daima, na iko wima daima. Tena, ukiacha alama pembeni, 1/q ni jumla ya sehemu mbili, 1/f na 1/p, basi ni kubwa kuliko kila moja yake. Sehemu ikiwa kubwa, umbali wenyewe ni mdogo: q ni fupi kuliko f, tena ni fupi kuliko p. Na kama q ni fupi kuliko p, basi q gawanya kwa p ni chini ya moja. Sura ni ndogo kuliko kitu. Hivi njo fomula moja inavyotupatia mambo matatu kwa pamoja: nyuma ya kioo, wima, ndogo. Kijiko kilikuwa kimeshatuonyesha, lakini sasa tunajua kwamba haiwezekani kuwa namna nyingine.

Twende kwenye kamyo yenyewe. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 46, ambayo nchi nyingi na viwanda vingi vya magari vinaifuata kwa vioo vya kuona nyuma, inasema retroviza kuu ya nje ya kamyo isiwe na R chini ya milimeta 1200, na kile kioo cha kuonea eneo pana kisiwe na R chini ya milimeta 300. Yaani hata kile kioo kirefu ambacho wengi wanadhani ni bapa mara nyingi kimevimba kidogo. Tuchukue vipimo hivyo vya mwisho, na moto yenye dereva wake, urefu mita 1,7 kutoka chini hadi juu ya kofia, ikiwa mita 15 nyuma ya kioo.

Kioo cha eneo pana: R ni mita 0,3, basi f ni -0,15.

```
1/q = 1/(-0,15) - 1/15 = -6,667 - 0,067 = -6,733
q = -0,1485 m
-q/p = 0,1485/15 = 0,0099
```

Sura iko karibu sentimeta 15 nyuma ya kioo, na urefu wake ni 1,7 mara 0,0099, yaani karibu sentimeta 1,7. Mtu mzima na moto yake wamekuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ukirudia hesabu kwa kioo kikuu, f ikiwa -0,6, sura inakuwa sentimeta 58 nyuma ya kioo, na urefu wake karibu sentimeta 6,5.

Hapa kuna jambo ambalo linawachanganya wanafunzi wazuri kabisa. Ukiwaambia sura iko sentimeta 15 tu nyuma ya kioo, watakuuliza: kama sura iko karibu namna ile, juu ya nini macho yanaiona mbali? Ni kwa sababu akili ya mtu haipimi sentimeta nyuma ya kioo. Inajua moto ni kubwa namna gani, inaona katika jicho moto ndogo, basi inaamua: iko mbali. Mtoto akikaa Kolwezi mjini na kuona kamyo ndogo kwenye kilima cha taka za mgodi, hasemi kamyo imekuwa ya kuchezea, anasema iko kule mbali. Akili inafanya hesabu hiyohiyo mbele ya kioo, na hapo inakosea.

Inakosea kwa kiasi gani? Ukichanganya fomula zetu mbili na umbali wa jicho hadi kwenye kioo, tuuite e, unapata hesabu fupi sana. Umbali ambao moto itaonekana kuwa ni:

```
p + e + (p × e)/f
```

Hapa f inaandikwa bila alama yake ya kutoa. Kwa kioo bapa sehemu ile ya mwisho haipo, basi unabaki na p + e, na hiyo ndiyo kweli yenyewe: safari nzima ya mwanga kutoka kwenye moto hadi kwenye jicho. Jicho likiwa mita 1 kutoka kwenye kioo, moto ya mita 15 katika kioo bapa itaonekana kuwa mita 16. Katika kioo kikuu cha kamyo: 15 + 1 + 15/0,6, ni mita 41. Katika kioo cha eneo pana: 15 + 1 + 15/0,15, ni mita 116. Moto iko kwenye mkia wa kamyo, macho yanasema iko ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Tena angalia ile e, kwa sababu hapo barabara zetu zina shida yao wenyewe. Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Zambia na Tanzania wanatembea kushoto, na kamyo zao zina usukani, ama volani tukisema vya kwetu, upande wa kuume. Kamyo hizo zinavuka Kasumbalesa kila siku kuja kuchukua shaba, na wasomaji wa Goma, Butembo na Bunia wanaona jambo hilohilo kwa kamyo zinazotoka Uganda na Kenya. Shofere wa namna hiyo, akiwa Kongo, anakaa upande wa mfereji. Akitaka kupita gari lililo mbele yake anapaswa kuangalia kioo cha kushoto, na kioo cha kushoto kiko ng'ambo ya kabini, karibu mita 2 kutoka kwenye jicho lake. Weka e = 2 katika hesabu: katika kioo kikuu moto ya mita 15 inaonekana kuwa mita 67, na katika kioo cha eneo pana inaonekana kuwa mita 217. Kioo ni kilekile, moto ni ileile, kilichobadilika ni kiti.

Wenye volani ya kushoto wasicheke. Kwao kioo cha mbali ni cha kuume, na kuume ndiko moto inakopenda kujipenyeza kati ya kamyo na mfereji, hasa kwenye mizunguko ya mjini, kamyo ikianza kukata kona.

Kuna kosa lingine ndani ya kosa hilo. Moto inapokaribia kutoka mita 50 hadi mita 15, sura yake nyuma ya kile kioo cha eneo pana inasogea kiasi gani? Fanya hesabu: kutoka sentimeta 14,96 hadi 14,85. Milimeta moja! Jicho haliwezi kuona mwendo huo hata kidogo. Kinachobadilika ni urefu tu, kutoka milimeta 5 hadi milimeta 17. Moto inayokwenda kilometa 20 kwa saa zaidi ya kamyo inamaliza mita hizo 35 kwa sekunde 6 hivi. Kwa hiyo mashofere wazoefu hawaulizi «iko mbali gani?» wanapotazama kioo kilichovimba. Wanatazama mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili wanahesabu moja, mbili, tatu. Kitu kilichokua kinakuja. Kitu kilichobaki vilevile kinawafuata. Halafu umbali wenyewe wanauangalia katika kioo kikuu.

Basi kama kinadanganya hivyo, kwa nini tusikitupe, tukaweka bapa kila mahali? Kwa sababu ya kile ambacho kioo bapa hakionyeshi. Chukua kioo bapa chenye upana wa sentimeta 20, jicho likiwa mita 1. Pembe yote unayoona ndani yake ni nyuzi 11 na kidogo. Kwa umbali wa mita 15 nyuma, hiyo ni ukanda wa mita 3,2 tu, upana wa gari moja na nafasi kidogo ya kando. Mtu aliye nje ya ukanda huo hayupo, kwa habari ya kioo hicho.

Sasa badilisha kwa kioo kilichovimba chenye upana uleule na R ya sentimeta 30. Katikati yake kinaangalia nyuma sawa na bapa. Lakini kwenye ukingo, gamba limeshageuka karibu nyuzi 19,5, na kioo kikigeuka kiasi fulani, mwale unaorudi unageuka mara mbili yake, yaani nyuzi 39. Ongeza zile karibu 5,6 ambazo zinatokana na jicho kutazama ukingo, unapata 44,5 upande mmoja, na upande wa pili vilevile. Jumla ni nyuzi 89, karibu robo nzima ya duara. Kwa mita 15 nyuma, upana unaoonekana ni zaidi kidogo ya mita 29. Ukanda wa mita 29 umeingizwa ndani ya kioo kilekile cha sentimeta 20 kilichokuwa kinabeba mita 3. Lazima kila kitu kipungue ili vyote vienee. Udogo na upana ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa pande mbili. Hakuna kiwanda kitakachokuuzia kioo kimoja kinachoonyesha eneo pana na vitu vikubwa kwa wakati uleule. Njo maana kamyo inafungiwa vyote viwili: kimoja cha kuuliza «kuna mtu?», kingine cha kuuliza «iko umbali gani?»

Nchi zimefikiri tofauti juu ya biashara hiyo. Amerika, kwa magari madogo, sheria ilitaka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, na cha upande wa abiria kinaweza kuvimba, lakini lazima kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Ndiyo yale maneno ya Kiingereza unayokuta chini ya kioo cha gari lililoletwa kutoka kule. Si mapambo. Sasa unaweza kuyapima mwenyewe kwa ile fomula fupi.

Shida kubwa zaidi kwenye barabara zetu inakuja baada ya kioo kuvunjika. Retroviza iligongwa na tawi ama na kamyo nyingine, na shofere anatafuta kioo cha bei ndogo. Mtu wa vioo anachukua bapa cha kawaida, anakikata kwa umbo lilelile, anakibandika. Kwa macho ya haraka kazi ni safi. Hata shofere anafurahi kwamba sasa moto zinaonekana kubwa, «kioo kinaona vizuri kuliko cha zamani.» Lakini pale ambapo alikuwa na mita 29 amebaki na 3, na mkono wake, uliozoea kukata kona kwa kuangalia kioo kipana, haujaambiwa.

Kutambua hakuhitaji garaji. Chukua rula iliyonyooka, uilaze juu ya kioo kwa upana, iguse katikati. Kama kioo ni bapa, rula inagusa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama kimevimba, inapepesuka kama mbao juu ya jiwe, na ncha zake zinabaki hewani. Ishike ili nafasi ya pande zote mbili iwe sawa, halafu pima nafasi hiyo kwenye ukingo wa kioo, tuiite h. Upana wa kioo tuuite L. Basi:

```
R = L²/(8h) + h/2
```

Kwa kioo cha upana wa sentimeta 20: h ikiwa milimeta 17, R ni karibu sentimeta 30, hicho ni kioo cha eneo pana cha kweli. Ikiwa milimeta 4 hivi, R ni karibu sentimeta 125, hicho ni kioo kikuu. Ikiwa sifuri, umeuziwa kioo cha chumba cha kulala. Pima kwa upana na pia kwa urefu, maana kuna vioo vinavyopinda zaidi upande mmoja. Katika hivyo mtu anaonekana mwembamba ama mnene kuliko alivyo.

Mpaka wa fomula yetu nao uko kwenye ukingo huohuo. Ile 1/p + 1/q = 1/f ni sahihi kwa miale inayopiga karibu na katikati ya kioo. Kwenye kioo kilichopinda sana, miale ya ukingoni haifuati fokasi ileile, basi nguzo iliyonyooka inaonekana imejikunja, na moto iliyo ukingoni inabanwa kuwa nyembamba zaidi ya ile 0,0099 tuliyohesabu. Vile vioo vidogo vya duara vinavyouzwa mjini, vya kubandika kwenye kona ya retroviza, vina tabia hiyo sana. Vinasaidia kuonyesha kama kuna kitu karibu na gurudumu la nyuma, na kwa kazi hiyo ni vizuri. Kupima umbali kwa vioo hivyo ni kupiga bahati nasibu.

Na kwa ninyi wa moto, jambo moja la mwisho la fizikia. Mwanga unapita njia ileile kwenda na kurudi. Kama unaona uso wa shofere ndani ya kioo chake, basi njia iko wazi na yeye anaweza kukuona. Kama huoni uso wake katika kioo chochote, hawezi kukuona katika kioo chochote. Lakini ile hesabu nayo inakwenda na kurudi sawasawa. Ukiwa mita 15 nyuma ya kioo cha eneo pana, na jicho lake likiwa mita 1, weka namba: 1 + 15 + 15/0,15. Uso wake utauona kama wa mtu aliye mita 116 mbele yako, nukta tu ndani ya kioo. Hivyo unavyomwona yeye, ndivyo anavyokuona wewe. Kama unaweza kutambua macho yake, unaonekana kama mtu. Kama unaona nukta tu, kwake nawe ni nukta, na hapo punguza mwendo kabla ya kujaribu kupita.